Bega la Gomesi

Nakuandikia wewe ambaye leo asubuhi mikono yako ilitetemeka mpaka ulipopata ya kuzimua. Wengine wakisoma pia, sawa. Lakini nakuwaza wewe, maana najua umeketi vipi na unaficha nini.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Bukoba, nikavuka mpaka wa Mutukula mwaka 2008 nikiwa na mkasi, futi ya kupimia na anwani ya binamu yangu. Binamu alikuwa anakaa Kansanga, kwenye vichochoro vya nyuma ya barabara ya Ggaba. Nami nikapata chumba huko huko, chumba kimoja cha mbele na nyuma, kile watu wa Kampala wanachokiita muzigo. Nikaanza kushona sare za shule. Kaptula, sketi, mashati. Kazi hiyo haina ufundi mkubwa, ila haikauki, kwa sababu watoto hukua kila mwaka. Nikaoa binti wa Masaka, Mungu akatupa watoto wawili.

Pombe haikuingia kwa kishindo. Ukishuka kidogo kuelekea Kabalagala kuna baa za kila aina, ila mimi sikuwa mtu wa baa za taa. Nilikuwa mtu wa kafunda, kile kibanda chenye benchi mbili na pazia mlangoni. Siku hizo waragi iliuzwa kwenye vifuko vya plastiki. Kifuko unakitia mfuko wa shati, unakichana kwa meno, unakimaliza ukiwa umesimama. Kufikia mwaka 2018 nilikuwa siwezi kushona kabla ya kifuko cha kwanza. Tundu la sindano lilikuwa linanicheza. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, ndiye alikuwa ananitungia uzi kabla hajaenda shule. Alidhani macho yangu mabovu. Nilimwacha adhani hivyo.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Kwa Waganda, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Anayevunja mwiko huo inaaminika hupatwa na obuko, na dalili ya obuko ni kutetemeka mikono. Kwa hiyo mtaani ikasemwa kwamba nilimkosea mama mkwe. Maskini yule mama, hata kivuli chake sikuwahi kukikanyaga. Lakini sikuwakanusha. Afadhali obuko kuliko ukweli.

Nilijaribu kuacha mara tatu. Nakueleza zote, kwa sababu zote tatu zilikufa kwa ugonjwa mmoja, na sikuujua mpaka baadaye.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2019, serikali ilipopiga marufuku pombe ya vifuko na kuagiza chupa zisipungue mililita 200. Nikasema Mungu amenisaidia, njia imefungwa. Nilinunua daftari la shule, nikaandika juu ya jalada neno moja kwa herufi kubwa: NISINYWE. Kila siku ikipita salama napiga mstari. Nilifika mistari 11. Siku ya 12 nikanunua chupa. Nilikuwa nimezoea kifuko, sasa nina chupa yenye ujazo mkubwa zaidi mfukoni. Daftari nikalianza upya kutoka sifuri, kisha nikaacha kulianza.

Kwa nini siku 11 tu? Sikiliza jinsi siku moja ilivyokuwa. Nikitoka kununua vifungo, najiambia usitazame kafunda. Sasa ili usitazame kafunda ni lazima ujue liko wapi. Nilikuwa natembea kichwa kimeinama, na bado ungeniuliza ningekutajia kila mlango wenye pombe kutoka Kansanga mpaka Kabalagala, upi umefungua na upi una redio. Sijawahi kuzijua baa vizuri kama siku zile nilizokuwa nazikimbia. Akili iliyopewa kazi ya kulinda mlango haiwezi kuuondoa mlango machoni. Inalinda saa zote, hata usiku, na jioni imechoka.

Mara ya pili ilikuwa Kwaresima ya mwaka 2020. Hiyo nilifaulu, na nataka nikiri hilo, nisije nikaonekana nasema kujizuia hakufai kitu. Nilianza kupunguza kidogo kidogo tangu Januari, wenzangu wa jumuiya wakinisimamia, na Jumatano ya Majivu nikaacha kabisa. Siku 40. Katikati ya mfungo huo, Machi, shule zote zikafungwa kwa sababu ya korona, na mimi bado sikunywa. Kila siku nilijua zimebaki ngapi. Jumapili ya Pasaka, tarehe 12 Aprili, nikaamka na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Lakini chunguza ilikuwa furaha gani. Ilikuwa nafuu tu. Mikononi hakukuwa na kitu. Niliyemkimbia hakunifikia, basi. Na mtu akishaona hafukuzwi, anapunguza mwendo. Mchana ule ule nilikunywa, ati kusherehekea.

Kisha ukaja ule muda mrefu. Wewe uliyekuwa Uganda unaukumbuka. Shule zilifungwa, zikafunguliwa nusunusu, zikafungwa tena, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka Januari 2022. Fundi wa sare bila shule ni nini? Cherehani ilikaa chini ya shuka kama maiti. Baa nazo zilikuwa zimefungwa kwa amri, karibu miaka miwili. Ungedhani huo ndio ungekuwa uponyaji wangu. Kafunda lilifungwa mbele likafunguliwa nyuma. Nilikunywa zaidi baa zilipofungwa kuliko zilipokuwa wazi. Niliuza pasi. Niliuza redio. Niliuza kitambaa cha mteja, na huyo mteja namkwepa mpaka nipate ujasiri, ingawa nilishamlipa.

Juni 2021 likatangazwa zuio la pili, siku 42, usafiri wa abiria umesimamishwa. Ilikuwa Ijumaa usiku. Jumapili asubuhi mke wangu alinitazama, hakusema neno, akaanza kukunja nguo za watoto. Nikamwambia, mama, sinywi tena. Kuanzia sasa hivi. Naapa.

Nikakata ghafla.

Jumatatu nilitokwa jasho kama mtu wa malaria. Nilitapika maji. Moyo unakimbia. Nikasema ni arosto tu, itapita. Nikafunga mlango kwa ndani, nikampa mke wangu ufunguo. Usiku sikumbuki. Ninayosema hapa nimeambiwa. Nilikakamaa. Macho yakageuka. Nikaanguka kati ya kitanda na cherehani. Nikauma ulimi. Binti yangu aliona. Mwanangu mdogo aliona. Kafyu ilikuwa nje. Hakuna boda, hakuna taksi. Mke wangu akapiga magoti na watoto, wakasali rozari mpaka mwanga. Sijui walisali ngapi. Yeye anasema aliacha kuhesabu.

Kulipokucha jirani alileta toroli lake la kubebea matofali. Wakanitandikia godoro la mtoto ndani yake. Wakanisukuma hospitali. Nakumbuka sehemu ya safari hiyo. Nakumbuka siafu wanapanda kwenye miguu yangu, maelfu, na ninawapiga. Hapakuwa na siafu.

Hapo nisimame kidogo. Kama mikono yako hutetemeka asubuhi na kutulia ukinywa, tafadhali usifanye nilivyofanya. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu akili inaweza kupotea kabisa, mtu akaona visivyoonekana. Watu hufa hivyo. Nenda ukaachie hospitali au kituo cha afya, uwaambie kweli unakunywa kiasi gani. Mimi walinipa dawa za kutuliza, wakizipunguza siku hadi siku, na sindano za vitamini B1. Nililala huko siku tisa.

Siku ya saba alikuja muuguzi wa afya ya akili, mama wa makamo, tulimwita Sista. Akavuta kiti.

"Ukitoka hapa utafanya nini, ssebo?"

"Sitakunywa tena, Sista."

"Vizuri. Na nini kingine?"

"Sitakopa. Sitamgombeza mke wangu. Sitauza vitu vya nyumbani."

Akanitazama, akaanza kucheka, taratibu, bila dharau.

"Hayo yote maiti anayaweza," akasema. "Maiti hanywi. Hakopi. Hajawahi kumgombeza mkewe. Kwa mashindano ya kutofanya, maiti atakushinda kila siku. Nimekuuliza wewe uliye hai."

Nililia. Niliona lile toroli. Nilikuwa nimekaribia kabisa kulitimiza lengo langu.

Sista akaniambia kipimo hicho si chake. Kilitungwa mwaka 1965 na mwanasaikolojia wa Marekani, Ogden Lindsley, akiwaelekeza walimu. Mwalimu anaandika kwamba lengo la mtoto ni asipige kelele, asisimame, asichezee kalamu. Lindsley akasema, kama maiti anaweza kulifanya, hilo si tendo, usilifundishe. Tafuta lile ambalo mtoto aliye hai atalifanya mahali pake.

"Kutokunywa kubaki pale pale," Sista akasema. "Hiyo ni amri ya daktari, na wewe huna nusu glasi. Lakini amri hiyo haitakuamsha asubuhi. Kuna kitu gani ungejuta kufa hujakifanya?"

Nilinyamaza sana. Mwishowe nikasema: gomesi.

Nikueleze wewe usiyeijua. Gomesi ni vazi la heshima la mwanamke wa Kiganda, refu mpaka chini, lenye shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yaliyosimama kwa ncha, na mkanda mpana unaofungwa chini ya kiuno. Jina limetokana na Gomes, fundi Mgoa aliyekuwa Kampala mwanzoni mwa karne ya 20. Siku ya kwanjula, tulipokwenda kutambulishwa kwa wakwe, nilipaswa kumpelekea mama mkwe gomesi. Nilimpelekea ya kununua, ya bei ya chini, na mimi ni fundi. Nilijiambia nitamshonea nyingine kwa mkono wangu. Miaka ikapita. Sare ni mistari iliyonyooka, gomesi sikuwahi kuijua.

Mtaani kwetu kulikuwa na jjajja, bibi aliyeshona gomesi maisha yake yote, macho yakaanza kumwacha. Mke wangu alikwenda kunisemea. Jjajja alikubali kwa sharti moja: nije kila siku saa kumi na mbili jioni, si asubuhi, kwa sababu asubuhi ana bustani yake. Yeye hakujua, au labda alijua, kwamba saa kumi na mbili ndiyo ilikuwa saa ya kafunda.

Nikanunua daftari la pili. Hili halikuandikwa nisinywe. Nilichora visanduku, kimoja kwa kila jioni, na ndani ya kisanduku nikawa naandika nilichoshona: shingo ya gazeti, mshono wa ubavu, mkanda.

Ungependa nikwambie kwamba kuanzia hapo ilikuwa mteremko. Hapana. Wiki tatu za kwanza nilikwenda kwa jjajja kwa moyo ule ule wa zamani. Nilikwenda *ili nisinywe*. Kwa nje nilikuwa nakifuata kitu, kwa ndani nilikuwa bado nakimbia. Nilikaa barazani pake nikihesabu dakika, nikifurahi kila dakika iliyokwisha bila pombe, na mshono nauona kama kizuizi tu cha mkono. Jjajja alitambua kabla yangu. Alinipa bega nililoshona, akasema, "Limeshonwa na mtu anayesubiri basi."

Hiki ndicho kitu ninachotaka ukiangalie kwako. Watu wengi tunageuza maneno, moyo tunauacha pale pale. Tunasema "nataka kuishi maisha safi," "nataka kuwa huru na pombe," tunadhani tumepata lengo jipya, kumbe ni nisinywe iliyovaa shati. Mimi nilijifunza kupima kwa kuangalia siku ambayo hamu ya pombe haikuja kabisa. Siku hiyo, bado unataka kwenda? Kama huna sababu ya kwenda, basi ulikuwa unakimbia. Na angalia unarudije nyumbani. Ukirudi na nafuu tu, vuta tena fikra. Ukirudi umeshika kitu, hata kama ni kibovu, hapo kuna njia.

Kilichonigeuza ni bega lenyewe. Bega la gomesi halisimami kwa kulazimishwa. Kitambaa cha mkono unakikata kipana kupita bega, unakikunja marinda madogo madogo yakielekea juu, na ndani unaweka kipande kigumu cha kukishikilia. Rinda moja likilala upande usio wake, ncha inaanguka kama sikio la mbuzi. Nilishona mabega ya gazeti. Nikashona ya shuka kuukuu. Yote masikio ya mbuzi. Jioni moja mwezi wa Agosti nikakunja, nikapiga mshono, nikageuza, na bega likasimama. Lilisimama lenyewe juu ya meza. Niliitazama saa, ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Saa mbili na nusu nzima zilipita na pombe haikuniingia kichwani hata mara moja. Sikuikataza. Haikupata nafasi ya kukaa.

Hapo ndipo nilielewa tofauti. Kukimbia hakuna mahali pa kufika. Leo hukunywa, je, umemaliza? Hapana, kuna kesho, na kesho kutwa, mpaka kaburini, na hakuna siku hata moja ambayo mtu anaweza kukuonyesha kazi yako mezani. Bega lililosimama unalishika, unamwonyesha mkeo.

Tarehe 9 Oktoba, siku ya uhuru wa Uganda, nilikunywa. Sitafuti sababu. Rafiki alikuja na chupa, nikanywa, na kesho yake nikaogopa kiasi kwamba mke wangu alilala ameshika mkono wangu akisubiri degedege. Haikuja. Mungu alinihurumia, usimjaribu.

Lakini tazama madaftari. Kwenye daftari la kwanza, usiku ule ungenirudisha sifuri. Mtu aliyerudi sifuri husema, basi, kwa kuwa nimeharibu, acha niharibu sawasawa. Nimesema hivyo mara nyingi, wewe pia umesema. Daftari la pili lilikuwa na visanduku 73 vilivyojaa na kimoja kitupu. Yale mabega, mikanda, shingo, hayakufumuka kwa sababu nilikunywa Jumamosi. Jumatatu saa kumi na mbili nilisimama kwa jjajja nikiwa na aibu usoni. Hakuuliza. Akasema, "Lile bega la kulia liko wapi?"

Baadaye Sista alinialika nizungumze na wagonjwa wengine, akanipa karatasi moja ya kusoma kwanza. Ilieleza utafiti wa Swideni uliochapishwa mwaka 2020 na akina Martin Oscarsson na Per Carlbring. Waliwafuata watu 1,066 walioweka nadhiri za mwaka mpya. Baada ya mwaka, kati ya kila mia waliokuwa wakielekea kitu, 59 walisema wamefaulu. Kati ya mia waliokuwa wakikwepa au kuacha kitu, 47. Nilimwambia Sista kwamba nilitegemea tofauti kubwa zaidi. Akasema ndivyo ilivyo: karibu nusu ya wanaojizuia nao hufaulu, na hao walikuwa watu wa kawaida wakijieleza wenyewe, si walevi wa kupelekwa na toroli. Kwa mtu wa aina yangu, akasema, afadhali nimkumbuke Nathan Azrin na mwenzake George Hunt. Mwaka 1973, Marekani, waliwatibu wanaume waliozama kwenye pombe kwa kuwatafutia kazi, kuwapatanisha na wake zao, na kuwafungulia klabu ya jioni isiyo na pombe, ndani ya jengo lililokuwa baa. Hao walikunywa siku chache sana kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida tu.

Hiyo ya jengo la baa ilinikaa. Hawakuikwepa ile saa ya jioni. Waliijaza. Mtu hanywi pombe tu pale kafunda. Hunywa pia benchi, kicheko, kutoulizwa kodi. Ukimpa kitu kisicho na benchi, mathalani aketi nyumbani asome, umempa lengo zuri la mtu mwingine. Barazani kwa jjajja palikuwa na benchi. Palikuwa na chai ya tangawizi na umbea wa mtaa mzima. Kama angenifundisha saa nne asubuhi, nadhani nisingekuwa hapa.

Januari 2022 shule zilifunguliwa. Sare! Kila mtoto amekua kwa miaka miwili, hakuna kaptula inayopanda. Nilishona mpaka usiku, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikuwa na noti mfukoni. Mwezi huo huo baa nazo zikafunguliwa. Muziki ulirudi barabara ya Ggaba usiku kucha. Nitakuwa mkweli: niliogopa zaidi mwezi ule kuliko wakati wa njaa. Nilimpa mke wangu pesa zote, nikabadilisha njia ya kupita. Naam, nilikwepa. Kukwepa kuna siku yake, hasa siku moto unapokuwa mlangoni. Lakini nilikwepa nikiwa naelekea kwa jjajja, na gomesi ilikuwa imebakia mkanda.

Vipimo nilivipata kwa njia ya mzunguko. Mama mkwe siwezi kumpima, hata kumsogelea siwezi. Mke wangu alileta gomesi kuukuu ya mama yake kutoka Masaka, nikaipima hiyo, bega kwa bega, kisha yeye akanieleza mahali mama yake alipopungua. Mita sita za kitambaa cha zambarau. Niliogopa kukikata. Jjajja alishika mkono wangu juu ya mkasi, nikaona vizuri kwamba mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka, wake kwa uzee.

Pasaka ya mwaka 2022, tarehe 17 Aprili, tulikwenda Masaka. Nilikaa sebuleni na wanaume. Mke wangu aliingia na furushi chumba cha ndani. Mlango ulikuwa na pazia, na pazia lilikuwa na mwanya. Sikupaswa kutazama, nilitazama kidogo. Niliona mkono mzee ukifunga kifungo cha kwanza, kisha cha pili. Niliona bega. Lilikuwa limesimama. Kisha nikasikia sauti za wanawake ndani, na mama mkwe akanitumia ujumbe kupitia kwa binti yake kwamba atazikwa nayo, ila hana haraka.

Sikutegemea kilichofuata. Wiki ile baada ya Pasaka ilikuwa mbaya. Kitu nilichokuwa nakielekea nimekifikia, saa kumi na mbili imefika, mikono mitupu. Hamu ilirudi kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya nyumba. Siku ya nne nilikimbilia kwa jjajja bila kitambaa, bila kitu. Akanitolea gomesi ya jirani iliyochanika kwapa, akasema, "Wateja wangu sasa watakuwa wako, macho yangu basi." Tangu hapo, kabla sijamaliza moja, nakata nyingine. Sasa hivi mezani kuna tatu za kwanjula ya mwezi ujao, moja ya kijani, na nina kijana mmoja anayejifunza, anashona mabega kama masikio ya mbuzi.

Daftari la kwanza bado ninalo. Liko chini ya godoro. Kila asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, nanyoosha mikono yote miwili juu ya meza, vidole vimetanuka, nangoja. Nahesabu mpaka kumi. Mke wangu hunikuta hivyo, hupita tu na ndoo yake ya maji, haulizi.

Kisha binti yangu huja, amevaa sare niliyomshonea, anachukua sindano ananitungia uzi kama zamani. Naweza kuutunga mwenyewe. Sijamwambia.